Siku za Akiba: Kukadiria Umeme wa Jua kwa Kituo cha Afya Kasungami

Hesabu ya umeme wa jua kwa kituo cha afya huanza na orodha ya vyombo na kuishia kwenye idadi ya paneli na betri, lakini katikati yake kuna namba moja ambayo mara nyingi huandikwa upesi bila kuhojiwa, nayo ni idadi ya siku ambazo vyombo vinapaswa kuendelea kufanya kazi wakati jua halionekani. Siku hizo huitwa siku za akiba. Anayeandika tatu huona ameokoa fedha, na anayeandika saba huona ametenda kwa uangalifu, ilhali wote wawili huenda hawajajiuliza akiba hiyo inahifadhiwa ndani ya nini, inajazwa upya na nini, na ni nani atakayefika kituoni iwapo itakwisha. Maswali hayo matatu yanachambuliwa hapa kwa mfano wa kituo kidogo cha Kasungami, pembezoni mwa jiji la Lubumbashi, chenye jokofu la chanjo, taa za usiku na redio ya mawasiliano ya masafa marefu ambayo wahudumu wa afya wa Kongo huiita foni. Umeme wa shirika la SNEL, hata pale nyaya zake zinapofika, haukuhesabiwa katika mfano huu, kwa kuwa umeme unaokatika bila ratiba hauwezi kuwa nguzo ya hesabu: ukija utajaza betri, usipokuja hakuna kitakachoharibika.

Jambo la kwanza la kuelewa ni jua la mahali penyewe. Lubumbashi iko kwenye latitudo ya takriban nyuzi 11.7 kusini mwa ikweta, juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na mwaka wake umegawanyika sehemu mbili zilizo wazi: kiangazi kinachoanza Mei hadi Septemba, na masika yanayoshika nguvu kuanzia Novemba hadi Machi. Wataalamu hupima nishati ya jua kwa saa za jua kamili, yaani idadi ya saa ambazo jua lingepaswa kuwaka kwa nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kuleta nishati yote iliyofika siku hiyo. Mwezi Septemba Lubumbashi hupata zaidi ya saa 6 za namna hiyo kwa siku, lakini katika miezi ya mvua kubwa wastani hushuka hadi karibu 5, na wiki mbaya huwa chini ya hapo. Kwa kituo cha afya wastani wa mwaka hauna maana, kwa sababu mtoto wa Januari hachanjwi kwa jua la Septemba. Hesabu hufanywa kwa mwezi mbaya, na hapa itatumiwa saa 4.5 kwa tahadhari. Mwenye mtandao anaweza kupata namba za mwezi kwa mwezi za mahali pake bila malipo kwenye PVGIS au NASA POWER.

Msimu huo wa mvua una tabia nyingine ambayo mafundi wengi huipuuza. Kanuni iliyozoeleka katika vitabu vya nchi za mbali inasema kwamba kusini mwa ikweta paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa kwa nyuzi za latitudo pamoja na nyongeza ya kumi au kumi na tano, ili zishike jua la majira mabaya. Kanuni hiyo ni sahihi pale ambapo majira mabaya ni ya baridi. Lubumbashi majira ya baridi, Juni na Julai, huwa na mbingu safi, na majira mabaya ni ya mvua, ambapo jua la saa sita mchana limevuka utosi na kuhamia upande wa kusini: hupita utosini takriban tarehe 24 Oktoba na kurudi tena takriban tarehe 18 Februari, na mwishoni mwa Desemba husimama karibu nyuzi 12 kusini mwa utosi. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 30 kuelekea kaskazini huwa wakati huo imelipa jua mgongo kwa nyuzi 42, na hupoteza takriban robo ya mwanga wa moja kwa moja wa saa sita, katika mwezi uleule ambao kila wati inahitajika. Paneli yenye mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 hupoteza karibu sehemu moja ya kumi tu, hupokea vizuri zaidi mwanga unaotawanywa na mawingu, na bado ina mteremko wa kutosha ili mvua iteremshe vumbi. Aidha, mvua nyingi za huku hunyesha alasiri baada ya asubuhi yenye mwanga, kwa hiyo mwembe uliosimama mashariki ya paa hudhuru zaidi kuliko ule wa magharibi.

Baada ya jua hufuata matumizi, ambayo hupimwa kwa wati-saa: wati za chombo zikizidishwa kwa saa ambazo chombo kinafanya kazi. Katika kituo cha mfano, chumba cha kujifungulia kina taa mbili za LED za wati 10 zinazowaka kwa wastani wa saa 6 usiku, yaani wati-saa 120. Chumba cha wagonjwa na ukumbi vina taa tatu za wati 7 kwa saa 5, yaani 105. Na taa moja ya nje ya wati 10, inayowaka tangu magharibi hadi alfajiri, hutumia 120. Inafaa kuiangalia tena namba hiyo ya mwisho: taa ya mlinzi, ambayo hakuna anayeifikiria wakati wa kupanga, inakula sawasawa na chumba ambamo akina mama wanazalia. Foni nayo ina siri yake. Inaposema huvuta umeme mwingi, takriban ampea 10 kwa wastani wa sauti na hadi 20 kwa vilele, lakini husema kwa muda mfupi. Nusu saa ya kusema kwa siku ni wati-saa 60 tu. Inaposikiliza huvuta nusu ampea, yaani wati 6, lakini ikiachwa wazi mchana kutwa na usiku kucha hufikia wati-saa 144, zaidi ya mara mbili ya yale inayoyatumia kwa kusema. Zikiongezwa wati-saa 30 za kuchaji simu za kazi, jumla ya taa na mawasiliano inakaribia 580 kwa siku.

Jokofu la chanjo lenye kompresa, la ukubwa unaofaa kituo kama hiki, linaweza kukadiriwa kwa wati-saa 600 katika siku ya joto yenye kazi nyingi. Hapa ndipo uamuzi mkubwa wa kazi nzima unapofanyika, na unahusu kuunganisha au kutenganisha. Jokofu likiunganishwa kwenye betri moja na taa na foni, matumizi yanakuwa 1,180 na idadi ya betri inaongezeka maradufu. Lakini gharama hiyo si tatizo kubwa zaidi. Tatizo kubwa ni kwamba mfumo uliounganishwa hauna njia ya kutambua nani ana haki ya wati-saa ya mwisho. Televisheni ya muuguzi, simu za majirani zinazoletwa kuchajiwa, taa iliyosahauliwa, vyote hunywa kutoka kisima kimoja na chanjo, na kwa kuwa taa huwaka usiku wakati jokofu lingeweza kusubiri, chanjo ndiyo hupungukiwa alfajiri bila mtu kuona.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kuidhinisha vifaa uitwao PQS, limetambua aina ya jokofu ambalo huendeshwa na paneli moja kwa moja bila betri. Mchana kompresa hugandisha barafu au kimiminika maalumu kilichozingira chumba cha chanjo, na usiku barafu hiyo hubeba mzigo wote wa ubaridi. Akiba yake ni barafu, si risasi wala asidi, na hakuna anayeweza kuchaji simu kwa barafu. Ili liidhinishwe, jokofu la aina hii hutakiwa kudumisha chanjo ndani ya kiwango cha joto kinachokubalika kwa siku 3 au zaidi baada ya umeme kukatika, na kwa majokofu yaliyokusudiwa nchi za joto kali kipimo hicho hufanywa chumba kikiwa na nyuzi 43 za Selsiasi.

Kipimo hicho cha nyuzi 43 kina faida kwa Kasungami. Joto hupenya kuta za jokofu takribani kwa kadiri ya tofauti kati ya nje na ndani. Nje kukiwa na nyuzi 43 na ndani 5, tofauti ni 38. Katika siku ya mawingu ya Januari, chumba kikiwa na nyuzi 25, tofauti ni 20, yaani karibu nusu. Barafu iliyothibitishwa kudumu siku 3 kwenye maabara inaweza kukaribia siku 5 au 6 katika mazingira hayo, mradi mlango haufunguliwi ovyo na barafu ilikuwa imekamilika kabla ya mawingu kuanza. Mawingu na ubaridi huja pamoja Lubumbashi, na mpangaji anayeongeza siku za jokofu kwa hofu ya masika huwa analipia mara mbili. Sharti la pili, la barafu kukamilika, ndilo gumu zaidi: jokofu jipya huachwa litembee siku kadhaa za jua, na joto lake lithibitishwe, ndipo chanjo ziingizwe. Paneli zake ni zile zilizoainishwa na mtengenezaji, na hazipunguzwi, kwa kuwa kompresa inahitaji nguvu ya kutosha ili ianze kuzunguka, na paneli chache zinaweza kuiacha ikijaribu kuanza asubuhi nzima bila kufanikiwa.

Hatari ambayo watu wa nchi za joto hawaitarajii iko upande wa pili. Usiku wa Juni na Julai joto la nje huko Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na kila jokofu lina kiwango cha chini cha joto la chumba ambacho limejaribiwa kwacho. Chanjo za pentavalenti, hepataitisi B na pepopunda huharibika zikiganda, na kuharibika huko hakuonekani kwa urahisi kwa macho. Kwa hiyo jokofu huchaguliwa lenye kinga dhidi ya kuganda isiyomtegemea mtumiaji kupanga vikapu, na kifaa cha kurekodi joto kwa siku 30 huwekwa ndani yake, ambacho hupiga alama joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo au likishuka hadi chini ya nyuzi 0.5 hasi kwa dakika 60. Alama ya joto katika Januari huelekeza kwenye kivuli, uchafu au mlango. Alama ya baridi katika Julai huelekeza kwenye chumba au kidhibiti joto, na kuongeza paneli hakuitibu hata kidogo.

Taa na foni zikibaki peke yake, hesabu ya betri inakuwa nyepesi. Kwa siku 4 za akiba, wati-saa 580 huwa 2,320, na zikiongezwa zile zinazopotea kwenye nyaya hufika takriban 2,440. Betri ya asidi haipaswi kukaushwa. Ikitolewa zaidi ya nusu ya ujazo wake mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo kiasi hicho huzidishwa kwa mbili na kuwa karibu 4,880, ambacho kwa volti 12 ni ampea-saa 407. Betri mbili za ampea-saa 200 zinatosha. Ujazo unaoandikwa kwenye ganda hutegemea kasi ya kutoa umeme, na muuzaji hupenda kuandika ule wa saa 100, ambao ni mkubwa kuliko ule wa saa 20. Katika hesabu hii nusu ya ujazo hutolewa kwa siku 4, kasi ya polepole kuliko hata ile ya saa 100, na kwa hiyo, kwa mara moja, namba ya muuzaji inaweza kutumika. Siku za kawaida betri hizi zitatoa kama asilimia 12 tu ya ujazo wake kila usiku, na kina hicho kidogo ndicho kinachozipa umri. Betri za lithiamu za chuma na fosfati zinakubali kutolewa kwa kina zaidi, hivyo ampea-saa 225 zingefanya kazi hiyohiyo, ila zinahitaji kidhibiti kilichopangwa kwa ajili yake.

Sasa inakuja paneli, na hapa ndipo mipango mingi iliyo sahihi kwenye karatasi huvunjika. Ili mfumo utoe wati-saa 580, paneli lazima zilete kama 725, kwa sababu betri hairudishi yote inayopewa. Paneli nayo, ikiwa na joto, vumbi na kidhibiti cha kawaida, hutoa kwa wastani robo tatu ya wati zilizoandikwa mgongoni mwake. Kwa saa 4.5 za jua, wati moja ya paneli huleta basi wati-saa 3.4 hivi kwa siku, na wati 215 zingelingana na matumizi. Mpangaji anayeishia hapo amejenga mfumo unaokula kile unachochuma: siku 4 za mawingu zikimaliza akiba, hakuna kitakachobaki cha kuijaza tena, na betri itakaa nusu tupu mpaka kiangazi, ikijenga fuwele za salfati ambazo huziba sahani zake. Siku za akiba bila siku za kurejesha ni ahadi ya mara moja.

Kurejesha wati-saa 2,440 ndani ya betri huhitaji kama 2,870 kutoka kwenye paneli. Zikiwekwa paneli mbili za wati 180, jumla 360, mavuno ya siku ya mwezi mbaya ni karibu 1,215, ziada ni 490, na betri hujaa tena kwa takriban siku 6. Kuna faida nyingine inayosahauliwa na hesabu ya akiba, ambayo hudhani kwamba siku ya mawingu haina jua kabisa. Siku ya mawingu mazito si usiku. Paneli hutoa hata hivyo sehemu ya tano au karibu na hapo ya mavuno yake. Paneli za wati 360 zingeleta katika siku kama hiyo wati-saa 240, ambazo ni theluthi ya mahitaji, na akiba ya siku 4 ingenyooka kufikia 6. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya akiba inaweza kununuliwa kwa paneli, ambayo hudumu miaka ishirini na zaidi, badala ya betri ya asidi ambayo katika mazingira haya hubadilishwa baada ya miaka michache.

Nyaya zina sura yake katika uchambuzi huu kwa sababu ya foni. Foni ikivuta ampea 20 kwa sauti ya juu kupitia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, kama ule wa taa za nyumbani, katika umbali wa mita 10 kutoka kwenye betri, karibu volti 2.8 hupotea njiani, na chombo kilichopewa volti 9 hujizima katikati ya sentensi. Muuguzi husema betri imekufa. Fundi asiyepima huuza betri mpya. Na foni huendelea kujizima. Waya wa milimita za mraba 16 hupunguza upotevu huo hadi chini ya nusu volti. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: mita iwekwe kwenye betri yenyewe wakati mtu anazungumza, kisha iwekwe nyuma ya foni; kama betri imebaki juu ya volti 12 na foni inapata 9, mkosaji ni waya. Foni iunganishwe na volti 12 moja kwa moja, bila inveta, na kama mngurumo unajaa masikioni mchana na kutoweka paneli zikichomolewa, kelele inatoka kwenye kidhibiti chaji, ambacho kinapaswa kusogezwa mbali na waya wa antena au kubadilishwa.

Kidhibiti hicho kina kazi nyingine ambayo kwa kawaida haipangwi. Kiwandani hupangwa kukata matumizi betri ikifika volti 11 na ushei, ambapo imeshakauka mbali zaidi ya nusu iliyoahidiwa kwenye hesabu. Kwa betri ya asidi iliyopumzika, volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 11.8 ni kukauka. Katika kituo cha mfano taa ya nje ingekatwa ya kwanza, kwa kidhibiti kidogo cha pembeni kilichopangwa kwenye volti 12.2, taa za ukumbini zingefuata, na foni na chumba cha kujifungulia vingebaki hadi mwisho. Kipimo bora cha afya ya mfumo ni volti ya alfajiri, kabla jua halijatoka, taa zikiwa zimezimwa, ikiandikwa kila siku kwenye daftari lilelile la joto la jokofu. Namba hiyo ikishuka na kupanda ndani ya juma, mfumo unafanya kazi yake; ikishuka juma baada ya juma katika Januari, urejeshaji umeshindwa; ikishuka ghafla katika Agosti, miezi mitatu tangu mvua ya mwisho, kwanza ipandwe ngazi na kufutwa vumbi jekundu.

Linabaki swali la nani atafika. Kasungami iko karibu na jiji, na jokofu likishindwa, kisanduku baridi chenye vifurushi vya barafu kinaweza kupelekwa kwa pikipiki kwenye ghala la zoni ya afya siku hiyohiyo, jambo lisilowezekana kwa kituo cha ndani ya Pweto au Mitwaba wakati barabara zimegeuka matope. Siku za akiba hazipaswi kuwa sawa katika vituo hivyo, hata kama jua lao linafanana: Kasungami siku 3 za barafu na 4 za betri zinatosha, na kinachokiweka kituo hicho hatarini kuliko mawingu ni ukaribu huohuo na jiji, kwa maana ya wizi, kwa hiyo paneli hukaa juu ya paa kwa boliti zisizofunguka kwa spana ya kawaida.

Fedha zikipatikana za kuongeza kitu kimoja tu, chaguo huwa kati ya betri ya tatu na paneli ya tatu. Betri ya tatu ingenyoosha akiba ya siku za mawingu kutoka 6 hadi 9, lakini kuijaza tena kungechukua karibu siku 9 za jua la kawaida la masika, na betri mpya ikifungwa sambamba na za zamani huvutwa chini nazo. Paneli ya tatu ingefikisha akiba hiyo siku 8 na kupunguza muda wa kurejesha hadi chini ya siku 3. Kwa Kasungami inunuliwe paneli, na kidhibiti kiwe tangu siku ya kwanza cha ampea 45 ili kiweze kuipokea.